Umeletewa samansi au barua ya madai: anza na tarehe uliyoipokea

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja ofisini kwetu Morogoro asubuhi ya Jumanne, tarehe 25 Machi 2025. Mkononi alishika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na samansi ya Mahakama ya Wilaya. Alikuja kuuliza jambo dogo tu: siku ya kesi avae nini, na je, aende na mumewe? Kesi ilipangiwa tarehe 14 Aprili, kwa hiyo aliona ana muda wa kutosha.

Nilimwomba aniruhusu nisome karatasi yote. Juu palikuwa na tarehe ya kutajwa, 14 Aprili, imeandikwa kwa wino mweusi na kupigiwa mstari. Chini yake, kwa maandishi madogo, mdaiwa alitakiwa kuleta utetezi wake wa maandishi ndani ya siku 21 tangu siku ya kupokea hati. Nikamuuliza, "Mama, karatasi hii ulisaini lini?" Akafikiri kidogo. "Alhamisi ile, tarehe sita. Kijana alinikuta dukani napima misumari."

Tulihesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya kupokea haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ilikuwa tarehe 7 Machi na ya ishirini na moja ilikuwa Alhamisi, tarehe 27 Machi. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Angengoja hiyo 14 Aprili angefika mahakamani amevaa vizuri, kwa wakati na kwa heshima zote, akute haki yake ya kujibu imeshapita.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na nimeshuhudia kosa hili mara nyingi kuliko lingine lolote. Watu hawapuuzi samansi. Wanaiheshimu sana, ila wanaheshimu tarehe isiyo yenyewe. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Unahusu mashauri ya madai Tanzania Bara, hasa yale ya Mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi. Zanzibar, Kenya na kwingineko wana kanuni zao na siku zao, kwa hiyo huko fuata siku zilizoandikwa kwenye karatasi uliyopewa. Tarehe na kiasi cha fedha katika habari ya mama huyu nimevibadilisha ili asitambulike.

Hatua ya kwanza: pokea, na andika saa

Mtu akikuletea hati ya mahakama, ipokee. Wengi hukataa wakiamini kwamba kusaini ni kukubali deni. Sivyo. Saini yako inasema jambo moja tu, kwamba karatasi imekufikia. Ukikataa, msambaza nyaraka ataibandika mlangoni pako au mahali pengine panapoonekana, kisha atarudi mahakamani na kueleza kwa kiapo kwamba alikukuta ukakataa. Mara nyingine mwenyekiti wa mtaa huwa shahidi wake. Ukionekana huna anwani au unajificha, mahakama inaweza kuruhusu wito utangazwe hata gazetini. Siku zitakwenda vilevile, tofauti ni kwamba wewe hutakuwa na nakala ya kusoma.

Unaposaini, soma tarehe unayoandika. Andika ya siku hiyo hiyo, kwa mkono wako, kwenye nakala yake na kwenye nakala yako. Akikwambia, "Saini tu, tarehe nitajaza mwenyewe," mwambie kwa upole, "Hapana kaka, naomba nijaze mimi." Tofauti ya siku tatu kwenye tarehe hiyo inaweza kukugharimu shauri zima. Kisha, juu ya nakala yako, andika siku, saa, mahali na jina la aliyeleta. Piga picha kurasa zote, mbele na nyuma, zikiwemo zinazoonekana tupu.

Kama ameipokea mtu mwingine nyumbani, muulize papo hapo ameipokea lini. Hati iliyoachwa kwa mtu mzima wa familia unayeishi naye inaweza kuhesabiwa kuwa imekufikia wewe. Namkumbuka baba mmoja aliyerudi safari na kukuta samansi juu ya kabati, chini ya daftari la shule. Mkewe aliisaini kwa adabu zote, akaiweka akasahau. Tulianza kuhesabu tangu siku aliyosaini mama, kwa sababu hiyo ndiyo salama, ingawa baba mwenyewe aliiona siku tisa baadaye.

Hatua ya pili: jua ni nani anayekuandikia

Weka karatasi mezani, uangalie kichwa chake na mkia wake kabla ya kusoma katikati. Ndipo utakapojua kama umeandikiwa na mtu au na mahakama.

Barua ya madai, ambayo wengi huiita notisi, hutoka kwa anayekudai au kwa wakili wake. Juu ina jina la kampuni ya mawakili au la mdai mwenyewe. Chini ina saini yake, na aghalabu muhuri wake. Haina namba ya shauri. Huenda ikatumia lugha kali: "tutachukua hatua za kisheria bila taarifa nyingine," "utabeba gharama zote." Ni karatasi ya kuchukulia kwa uzito, lakini si amri. Hakuna hakimu aliyeiona. Hakuna anayeweza kuja kubeba friji lako kwa nguvu ya barua hiyo peke yake, wala kukukamata kwa sababu umeshindwa kuijibu.

Samansi, au hati ya wito, hutoka mahakamani. Juu ina jina la mahakama na mahali ilipo, kisha namba ya shauri na mwaka, majina ya mdai na mdaiwa, na chini muhuri wa mahakama na saini ya hakimu au ofisa wake. Katika mashauri ya aina ninayoyasema, huambatana na hati ya madai, yaani maelezo ya mdai yaliyopangwa kwa aya zenye namba, pamoja na viambatanisho: mkataba, risiti, barua. Kama umepewa samansi tupu bila hati ya madai, nenda masjala ya mahakama hiyo mapema uombe nakala. Huwezi kujibu usichokisoma.

Kuna karatasi nyingine zinazofanana na hizi. Wito wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unahusu ardhi. Wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, unahusu kazi na mwajiri. Wito wa polisi ni jambo jingine kabisa. Na kama jina lako limo kama shahidi, hudaiwi kitu, unatakiwa kufika tu. Kwa hiyo tafuta neno lililo mbele ya jina lako: mdai, mdaiwa, mjibu maombi au shahidi. Nimewahi kukaa na kijana aliyekosa usingizi wiki nzima kwa samansi ya ushahidi.

Ukiitilia shaka karatasi, ihakiki kwa njia yako mwenyewe, si kwa namba ya simu iliyoandikwa juu yake. Kama ni ya mahakama, nenda masjala, mpe karani namba ya shauri na umuulize kama shauri hilo lipo. Kama ni ya wakili, Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili, ambamo unaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama ameandikishwa. Ishara kubwa ya utapeli ni kutakiwa utume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ili "kesi ifutwe" au "samansi isitoke." Ada za mahakama hulipwa kwa kontroo namba ya Serikali, inayoanza na 99. Karani, tarishi na hata hakimu hapokei ada ya mahakama kwenye simu yake.

Hatua ya tatu: tafuta tarehe inayokubana

Hapa ndipo ninapowaomba watu watulie. Karatasi moja inaweza kuhusika na tarehe nne, na kila moja ina kazi yake.

Tuanze na barua ya madai. Mama yule alikuwa ameipata pia, kama mwezi mmoja na nusu kabla ya samansi. Ilikuwa na tarehe 13 Januari 2025 na ilimtaka alipe "ndani ya siku 14 kutoka tarehe ya barua hii." Yeye aliipokea tarehe 20 Januari. Alihesabu kuanzia siku aliyoipokea, akaona ana nafasi hadi tarehe 3 Februari. Kwa maneno ya barua yenyewe, muda uliisha tarehe 27 Januari. Kwa hiyo soma maneno hayo kwa makini: je, siku zinaanza tarehe ya barua au tarehe ya kupokea?

Siku hizo 14, au 7, au 21, amezipanga aliyeandika. Zikipita, hupotezi haki ya kujitetea. Kinachotokea ni kwamba anakuwa huru kwenda mahakamani. Lakini zipo notisi ambazo siku zake zimewekwa na sheria, na hizo ni nzito. Iliyo kubwa kwa watu wa kawaida ni ya mkopo uliowekewa rehani ya nyumba au kiwanja. Chini ya Sheria ya Ardhi, mkopeshaji hutoa notisi ya kushindwa kulipa, na mkopaji hupewa siku 60 za kurekebisha kabla mkopeshaji hajaanza kutumia haki zake, ikiwemo kuuza. Hapo nyumba inaweza kuuzwa bila kesi yoyote kufunguliwa. Ukiona neno rehani kwenye notisi, usingoje samansi, kwa sababu huenda isije. Tafuta wakili wiki hiyo hiyo.

Sasa samansi. Tarehe ya kwanza ni ile iliyotolewa mahakamani, nayo haikubani. Ya pili ni ya kutajwa shauri, hiyo utafika. Ya tatu hukuti imeandikwa popote isipokuwa pale uliposaini: siku uliyoipokea. Ya nne haipo kabisa kwenye karatasi, lazima uihesabu mwenyewe, nayo ndiyo inayokata. Ni siku ya 21 baada ya kupokea, mwisho wa kuwasilisha maelezo ya utetezi kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Ihesabu kwenye kalenda kwa kidole, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kisha uizungushie kalamu nyekundu. Ikiangukia sikukuu au mwisho wa wiki, wewe jifanye imeangukia siku ya kazi iliyotangulia.

Ikipita bila utetezi, mdai anaweza kuomba athibitishe madai yake upande mmoja. Atatoa ushahidi wake, na wewe hutakuwa na nafasi ya kuupinga. Kuna mlango mdogo: mahakama inaweza kukuongezea muda wa siku 10, ukiomba kabla siku 21 hazijaisha au ndani ya siku 7 baada ya kuisha, na ukionyesha sababu ya msingi. Kwa mama wa duka, mlango huo ungefungwa tarehe 3 Aprili. Kesi yake ilikuwa itajwe tarehe 14. Unaona kwa nini nilishtuka.

Mahakama ya Mwanzo ina utaratibu wake, mwepesi zaidi. Huko mara nyingi unaitwa ufike siku fulani, unasomewa madai na unajibu kwa mdomo. Tarehe ya kufika ndiyo tarehe. Lakini usikisie uko mahakama gani, soma jina lililo juu. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30. Mama yule alidaiwa deni la milioni 31, ndiyo sababu moja kesi ilifunguliwa Wilayani.

Na kuna samansi ya namna ya tatu ambayo ni hatari kwa anayejitetea mwenyewe. Katika baadhi ya mashauri, hasa ya benki na rehani, samansi inakuambia kwamba huruhusiwi kujitetea mpaka kwanza uombe ruhusa ya mahakama. Ukipeleka utetezi bila ruhusa hiyo ni kana kwamba hukupeleka kitu. Maneno hayo yakiwepo kwenye karatasi yako, peleka kwa wakili siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa ushauri wa nusu saa tu.

Hatua ya nne: kusanya kabla ya kujibu

Nilimtuma mama arudi dukani alete kila kitu kinachohusu deni hilo. Alirudi saa nane na mfuko wa saruji mtupu uliojaa karatasi. Tulizipanga sakafuni kwa miezi. Alikuwa amechukua saruji na mabati kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla, na hilo hakulikana. Lakini tulikuta slipu ya benki ya shilingi 4,000,000. Kwenye simu yake tulikuta meseji mbili za M-Pesa, moja ya 3,500,000 na nyingine ya 2,000,000, zote zimekwenda kwa mtu aliyekuwa akikusanya fedha kwa niaba ya muuzaji. Jumla 9,500,000. Hati ya madai haikutaja hata senti moja ya malipo hayo. Ilidai deni la 31,000,000 na gharama za wakili 3,600,000, jumla 34,600,000.

Kwa hiyo deni lenyewe, kwa hesabu yake, lilikuwa 21,500,000. Na zile 3,600,000 tulizisoma dhidi ya mkataba: hakukuwa na kifungu chochote kinachosema mnunuzi atalipa gharama za wakili wa muuzaji. Gharama za kesi huamuliwa na mahakama mwishoni, hazigeuki deni kwa sababu tu zimeandikwa kwenye barua.

Meseji za simu zihifadhi mapema. Usibadilishe simu, usifute, piga picha za kioo na omba taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu. Watu wanapoteza ushahidi wao bora kwa simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji.

Hatua ya tano: jibu, lakini chunga neno "nakiri"

Kama uko bado kwenye hatua ya barua ya madai, jibu kwa maandishi kabla siku hazijaisha. Kimya hakikufanyi mwenye hatia, ila kinamfanya mdai aone hana njia nyingine. Jibu fupi linatosha. Hili nililiandika kwa mtu mwingine, nalo lilifanya kazi:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani siku ya tarehe fulani. Sikubaliani na kiasi mlichotaja. Naomba mnipatie mchanganuo wa deni, nakala ya mkataba mnaoutegemea na orodha ya malipo mliyopokea. Barua hii ni kwa ajili ya mazungumzo na haiathiri haki zangu zozote za kisheria."

Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea, urudi nayo. Angalia pia barua hiyo isichosema. Haikusema, "Ni kweli nadaiwa, nivumilieni." Mimi sikushauri ukane deni la kweli, kusema uongo kwa maandishi kutakurudia. Lakini usikiri kiasi ambacho hujakihesabu. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini, au akilipa sehemu yake, miaka hiyo inaweza kuanza kuhesabiwa upya. Meseji ya usiku ya "bosi nakumbuka deni lako, nitapunguza mwisho wa mwezi" si maneno matupu. Kwa deni la zamani, pata ushauri kabla hujaandika au kutuma chochote, hata shilingi elfu kumi.

Kama umeshapata samansi, barua kwa wakili wa mdai haitoshi na haisimamishi siku 21. Jibu lako ni maelezo ya utetezi, na yanapelekwa mahakamani. Kanuni yake kubwa ni kujibu kila aya ya hati ya madai kwa namba yake. Aya usiyoikana waziwazi inaweza kuhesabiwa umeikubali. Kuandika "nakana yote" na kuweka saini ni utetezi mwembamba mno. Kwa mama tuliandika namna hii: aya ya 3, kwamba alichukua bidhaa, anakubali. Aya ya 5, kwamba hajalipa chochote, anakana, naye amelipa 9,500,000 kwa tarehe hizi tatu, na vielelezo vimeambatanishwa. Aya ya 7, kuhusu gharama za wakili, anakana kwa kuwa mkataba hauna kifungu hicho. Kama ungekuwa na dai lako dhidi ya mdai, kwa mfano saruji iliyoganda, hapo ndipo ungeliingiza kama madai kinzani, kwa sababu ukilitaja kwa mdomo siku ya kesi utakuwa umechelewa.

Sisi wasaidizi wa kisheria hatuwezi kukusimamia mahakamani wala kukutoza ada. Tunakuelewesha, tunakusaidia kupanga karatasi na kukuelekeza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo inayotutambua. Kwa mama huyu tuliomba wakili wa kituo cha msaada wa kisheria akague utetezi Jumatano jioni. Kama huna uwezo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, Chama cha Wanasheria Tanganyika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au, kwa wanawake, chama cha wanasheria wanawake, TAWLA. Nenda na karatasi zote, na uanze maelezo kwa sentensi hii: "Nilipokea tarehe fulani." Wakili ataacha anachofanya akusikilize.

Masjalani, nyaraka siku hizi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, na asiye na wakili huelekezwa na karani. Utapewa kontroo namba ya ada. Usiondoke ukidhani umemaliza kabla hujalipa na kupata risiti, kwa sababu tarehe ya malipo inaweza kuwa ndiyo itakayoulizwa baadaye. Mama alilipa Alhamisi tarehe 27 saa tano asubuhi. Nakala nyingine ilipelekwa kwa wakili wa mdai, ikagongwa muhuri.

"Usiende mahakamani, tutamalizana"

Kesho yake, Ijumaa jioni, muuzaji alimpigia mama simu. Alikuwa mpole kuliko siku zote. "Dada yangu, mambo ya mahakama ya nini? Nilipe milioni kumi na nane tuachane na hii kesi. Wala usijisumbue kwenda tarehe 14."

Inawezekana alimaanisha. Lakini simu hiyo haikufuta shauri. Shauri likishafunguliwa, hubaki pale mpaka mahakama ilimalize. Ukikubaliana mdomoni, ukalipa, usifike, na mwenzako au wakili wake akafika, kinachoonekana kwenye jalada ni kwamba mdaiwa hakufika. Nimeona watu wawili wakilipa deni mara mbili kwa njia hii, na mmoja wao aliletewa dalali wa mahakama kukazia, yaani kutekeleza kwa nguvu, hukumu ambayo hakujua kama ipo.

Kwa hiyo kubali mazungumzo kwa moyo mmoja, ila masharti yawe haya. Makubaliano yaandikwe: kiasi, tarehe za malipo, na itakuwaje ukichelewa. Pande zote zisaini. Kisha hati hiyo ya suluhu ipelekwe mahakamani isajiliwe, hakimu aimalize kesi kwa misingi hiyo. Lipa kwa njia inayoacha alama, benki au simu, na kwa jina lililotajwa kwenye hati. Mpaka hakimu aseme shauri limekwisha, utafika kila tarehe unayopangiwa. Ukiumwa, tuma mtu na cheti cha daktari.

Na usiahidi usichoweza. Mama alitaka kukubali milioni tatu kila mwezi kwa hofu. Tulikaa na daftari la mauzo ya miezi sita, tukaona duka linaweza kutoa milioni moja na laki tano bila kufa. Ukisaini suluhu halafu ukashindwa mwezi wa pili, mdai hana haja ya kuthibitisha deni tena. Anakwenda moja kwa moja kukazia.

Tarehe 14 Aprili alifika mahakamani saa mbili na robo, na mumewe. Kesi ilitajwa kwa dakika zisizozidi tano. Hakimu aliona utetezi upo ndani ya muda, akaelekeza pande zikutane kwa usuluhishi. Wakili wa mdai alipitia vielelezo vya malipo yale matatu, akaomba muda wa kuzungumza na mteja wake. Walipotoka, mama aliandika tarehe mpya nyuma ya ile bahasha ya kaki, akaipiga picha, akamtumia mumewe na mimi.